Nimechukua fomu, na daftari ninalo

Jumatatu ya wiki ya pili ya Novemba, saa 7 mchana, nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza cha ofisi ya mikopo nikisubiri jua lipungue. Foleni ya kusaini bumu ilikuwa imezunguka jengo. Mimi nilikuwa nimeshaweka kidole tangu asubuhi, roho imetulia, nawaza wali maharage wa kwa mama lishe wa geti la nyuma.

Akaja dada mmoja akasimama mbele ya orodha iliyobandikwa ukutani. Akashusha kidole kutoka jina la kwanza hadi la mwisho. Akarudia. Mara ya tatu akaanzia chini kwenda juu, kama vile jina linaweza kuonekana likishtukizwa kwa nyuma.

Halikuwepo.

Akageuka, akaniona nimekaa kama mwenyeji wa pale, akaniuliza, "Samahani kaka, mbunge wa kitivo chetu ni nani?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Nikaufunga. Nilimpigia kura mtu huyo miezi michache nyuma, nilikula pilau la kampeni yake, na jina lilikuwa limenitoka kabisa.

Tangu siku ile swali lile limenikaa. Jana saa 12 asubuhi kamati ya uchaguzi imefungua kampeni, kwa hiyo sasa naruhusiwa kulisema hadharani: nagombea ubunge wa kitivo katika serikali yetu ya wanafunzi. Fomu imerudishwa, wadhamini wametimia, jina limepita kwenye mchujo. Lakini kabla hujanipa kura au hujaninyima, nataka ujue nilivyofika hapa, maana sikufika kwa mbio.

Jina lilipotelea wapi

Nilimwambia yule dada twende tukaulize. Nilijua kidogo pa kuanzia, na sababu yenyewe si ya kujisifu. Mwaka wa kwanza nilipata sapu moja. Niliurudia mtihani ule Septemba, na kwa hofu kwamba matokeo yangu yangechelewa kufika Bodi ya Mikopo, nilizunguka ofisi zote mwenyewe kuhakikisha yamepita. Kwa hiyo njia niliijua kwa miguu.

Wengi wetu tunadhani jina likikosekana, Bodi imekunyima. Mara nyingi Bodi haijakunyima chochote. Mwanafunzi anayeendelea na masomo halipwi mpaka chuo kithibitishe kwamba amevuka mwaka, na uthibitisho huo ni matokeo yaliyokamilika. Somo moja likikosa alama, hata kama mengine yote ni A, matokeo hayahesabiki kuwa kamili. Chuo hakiwezi kusema umevuka, na Bodi haina cha kukulipia.

Dirishani afisa mikopo alimwambia maneno manne: "Matokeo yako hayajakamilika, dada." Akaita anayefuata. Sikumlaumu, nyuma yetu kulikuwa na watu kama mia mbili.

Tukafungua matokeo yake kwenye simu. Somo moja lilikuwa na alama ya mtihani wa mwisho lakini halina alama za darasani. Tukaenda idarani. Idara ikasema alama za somo lile zilishapelekwa kwa mratibu wa mitihani wa kitivo. Mratibu akafungua faili, akasema, "Kwangu zimekuja hivi hivi, rudini kwa mwalimu." Mwalimu alikuwa safarini hadi Ijumaa.

Ijumaa mwalimu alitupokea vizuri tu. Akauliza swali moja ambalo sisi wawili hatukulifikiria: "Kazi ya kikundi mlikuwa wangapi?" Walikuwa watano. Akatoa rundo la kazi chini ya meza, akaipata yao. Kwenye jalada majina yalikuwa matano, la kwake likiwa la tano, limeandikwa pembeni kwa kalamu kwa sababu kompyuta ilishachapa manne. Aliyeingiza alama kwenye mfumo aliingiza manne yaliyochapwa.

Basi. Hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Kurekebisha kulichukua kama dakika kumi. Lakini alama iliyorekebishwa ilihitaji saini ya mkuu wa idara, kisha ya mratibu, kisha ofisi ya mitihani ya chuo, kisha irudi kwa afisa mikopo aiweke kwenye orodha ya nyongeza ya kupelekwa Bodi. Tangu siku ile ya ukutani hadi alipoweka kidole zilipita siku 23. Kwa elfu kumi kwa siku, bumu la miezi miwili ni kama laki sita, na wewe unayesoma unajua laki sita isipokuwepo mtu anaishije. Alikuwa anakula mara moja, saa 10 jioni, ili mlo mmoja ukae katikati ya mchana na usiku. Aliniambia hilo akicheka, na mimi nikacheka naye, halafu nikaenda kulala vibaya.

Daftari la mistari

Nilichoanza kufanya baada ya hapo hakikuwa na mpango wa uchaguzi ndani yake. Awamu iliyofuata ya bumu nilinunua daftari kubwa la mistari, nikakaa kwenye kile kibaraza siku mbili, na kila aliyekosa jina lake nikamwomba aniandikie mambo manne: jina, programu, alichoambiwa dirishani, na ofisi anayokwenda sasa hivi. Rafiki zangu wawili wa chumbani walikuja kunisaidia, mmoja kwa moyo, mwingine kwa sababu nilikuwa na chapati.

Walijiandikisha 19.

Nilitegemea sababu 19. Nilipokaa usiku kuzipanga zikawa nne tu. Kuna waliokosa alama ya somo kama yule dada, na hao ndio walikuwa wengi. Kuna waliobadilisha akaunti ya benki, au jina la benki halilingani na la chuo: huku "Mohamed", kule "Mohamedi", na herufi hiyo moja inatosha. Kuna ambao hawakukamilisha usajili wa mwaka kwa sababu ya ada, kwa hiyo kwenye mfumo ni kama hawapo chuoni. Na kuna waliorudi baada ya kuahirisha mwaka, ambao barua yao ya kurejeshwa imelala kwenye faili la ofisi moja ikisubiriwa na ofisi ya pili.

Kila sababu ina mlango wake. Mtu wa akaunti ya benki hana haja ya kupanda idarani hata mara moja, lakini watu wanne kati ya wale 19 walikuwa wameshapanda, kwa sababu walifuata waliko wengine. Wakati huo huo muda unakwenda, na fedha isiposainiwa ndani ya muda wake hurudishwa Bodi, unaanza upya kuiomba.

Jambo la pili lililoniuma lilikuwa tarehe. Kwa wenye tatizo la alama, lilikuwa limekaa kwenye akaunti zao za matokeo tangu matokeo yalipotoka. Liko pale, pengo jeupe kwenye safu ya alama za darasani, wiki nyingi kabla ya orodha kubandikwa. Hakuna aliyewaambia watazame safu ile. Sisi wote matokeo yakitoka tunatazama herufi ya mwisho tu, tunapiga kelele au tunanyamaza, tunafunga simu.

Kilichonizuia

Rafiki yangu mwenye moyo, yule asiye wa chapati, ndiye aliyesema kwanza kwamba nigombee. Nikamkatalia.

Nilikuwa na sababu zangu. Mwaka jana nilimfanyia mgombea mwingine kampeni, nikavaa fulana yake, nikaimba usiku hosteli hadi hosteli, na aliposhinda nikamwona mara tatu kwa mwaka mzima. Nilijiuliza kama yeye naye alianza akiwa na daftari lake. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Nadhani aliingia kwenye vikao, vikao vikamla.

Sababu nyingine ilikuwa mama. Nilimpigia simu nikamweleza, akanyamaza kidogo, akauliza, "Hiyo siasa inarudia mtihani ikifeli?" Mama yangu haulizi maswali mengi, lakini anajua kuchagua.

Na kulikuwa na sababu ya tatu ambayo sikuwa nikiitaja hata kwangu mwenyewe. Nilipenda kuitwa. "Muulize yule wa daftari." Kulikuwa na siku nilipita kwenye kile kibaraza bila kazi yoyote, nimelibeba daftari kwapani, ili nionekane. Nilipojigundua nililirudisha chumbani nikaliweka chini ya godoro wiki nzima.

Kwa hiyo sitasema nagombea kwa ajili ya wengine tu. Ninapenda kujulikana, kama wagombea wote. Nilichoamua ni kuweka ahadi ambazo kushindwa kwake kutaonekana, ili kule kujulikana kuwe na gharama.

Kilichoniondoa kwenye kusitasita ni jambo dogo. Nilikwenda ofisi ya mratibu wa mitihani na orodha ya watu saba wenye mapengo ya alama, nikiomba nisaidiwe kujua ni somo gani linarudiarudia. Yule mama aliniangalia kwa upole akasema, "Mwanangu, wewe ni nani katika hili? Matokeo ya mtu ni siri ya mtu. Siwezi kukupa wewe kama wewe." Na alikuwa sahihi kabisa. Akaongeza kwamba mwakilishi wa wanafunzi angekuja na fomu zilizosainiwa na wenyewe, angempokea.

Nikashuka ngazi nikaenda kuchukua fomu.

Ahadi ya kwanza: meza

Nitaweka meza kwenye kile kibaraza siku tatu za kwanza za kila awamu ya kusaini bumu, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Nisipokuwepo kwa sababu ya kipindi, atakuwepo mtu niliyemwandika jina ubaoni. Kila aliyekosa jina ataandikwa, ataambiwa sababu yake iko katika zile nne au nje yake, na ataelekezwa mlango mmoja. Atasaini fomu ya kuniruhusu kufuatilia. Kila Ijumaa nitapeleka fomu hizo ofisini kwa pamoja, badala ya kila mtu kwenda peke yake na kuambiwa mhusika ametoka.

Kabla ya hapo, matokeo ya muhula yakitoka, ndani ya wiki mbili nitapita kila darasa la kitivo kupitia viongozi wa madarasa na kuwaomba watu wafungue matokeo yao palepale, watazame safu ya alama za darasani. Mwenye pengo aseme siku hiyo. Nafikiri sehemu hii ndiyo itakayookoa wengi zaidi, ingawa ndiyo isiyo na picha nzuri ya kampeni.

Siwezi kuingia kwenye mfumo wa alama, na sitakiwi niweze. Siwezi kuiharakisha Bodi: orodha ya nyongeza ikishatoka chuoni, inakwenda kwa mwendo wake. Mwenye deni la ada sina fedha ya kumlipia. Na mtu yeyote atakayekuahidi kupandisha bumu kutoka elfu kumi kwenda zaidi, muulize ataingia kikao gani, kwa sababu kiwango kile kinapangwa serikalini, hakipangwi kwenye bunge letu la pale ukumbi mdogo.

Utajuaje nimeshindwa? Nenda kibarazani siku ya kwanza ya kusaini, saa 3 asubuhi. Kama hakuna meza, umepata jibu.

Ahadi ya pili: karatasi moja

Kila mmoja wetu hulipa elfu kumi kwa mwaka ya serikali ya wanafunzi, iko kwenye ankara ya ada, mstari wa chini ambao hakuna anayeusoma. Fanya hesabu ya kitivo tu. Tukiwa 1,200, hiyo ni milioni 12. Zidisha kwa vitivo vyote.

Sisemi zimeibiwa. Sina ushahidi, na kusema bila ushahidi ni uzushi. Ninachosema ni kwamba sijawahi kuona karatasi.

Kwenye kikao cha kwanza cha bunge la wanafunzi nitawasilisha hoja binafsi: mwisho wa kila muhula, Wizara ya Fedha ya serikali yetu ibandike ukurasa mmoja kwenye mbao za matangazo za vitivo vyote. Juu iandikwe salio la kuanzia, zifuate fedha zilizoingia, matumizi mstari kwa mstari, na chini salio la kufungia. Salio la kufungia lilingane na taarifa ya benki ya siku hiyo, na mlezi wa wanafunzi asaini kwamba ameziona zote mbili. Bila saini hiyo karatasi ni hadithi tu, kwa sababu mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuzifanya safu mbili zilingane.

Nimeongeza sharti moja dogo ambalo najua litaleta kelele. Mstari wa "mengineyo" usizidi laki moja. Niliwahi kuwa mweka hazina wa kwaya nyumbani, na najua fedha hupenda kulala wapi. Inalala kwenye "mengineyo" na kwenye "usafiri".

Hoja inaweza kuangushwa. Mimi nitakuwa kura moja kati ya nyingi, na wapo watakaoona inawalenga. Kwa hiyo ahadi yangu ni ile iliyo mikononi mwangu: hoja itasomwa kikao cha kwanza, na nitawaambia nani alisema nini. Na posho yoyote nitakayopokea mimi kama mbunge, ya kikao au ya safari, nitaibandika kwa tarehe na kiasi, hoja ipite isipite.

Wazee wa vyuo wanakumbuka Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya jeshi la kujenga taifa, pamoja na makato ya mishahara yao. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani zaidi ya 300, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu bado wanabishana kama alitenda haki kwa wale vijana, mimi nina shaka zangu. Lakini ile ya pili naipenda. Alianza na mfuko wake.

Wenzangu wawili

Tuko watatu. Sitawataja majina hapa kwa sababu sijawaomba ruhusa, lakini kitivo kizima kinawajua.

Wa kwanza ni mbunge tuliye naye, yule ambaye jina lake lilinitoka. Nilimfuata wiki mbili zilizopita kumwambia ana kwa ana kwamba nagombea dhidi yake, ili asilisikie njiani. Tulikaa kwenye zile ngazi za maktaba karibu saa nzima. Nikamwambia hata kile kisa cha kusahau jina. Alicheka sana, kisha akaniambia kwamba zile taa za njia ya kwenda hosteli ya wasichana alizifuatilia miezi mitano, vikao tisa, na siku zilipowaka hakuna aliyejua ni yeye. Nami sikujua. Nilikuwa napita chini ya zile taa kila usiku nikidhani chuo kimeamua tu. Akishinda tena, njia zetu zitabaki na mwanga.

Wa pili ni dada wa mwaka wetu, kiongozi wa darasa ambaye muhula uliopita aligundua mitihani miwili imegongana kwenye ratiba na akaandika barua yenye majina yote ya walioathirika kabla hata sisi wengine hatujaiona ratiba yenyewe. Ratiba ilibadilishwa ndani ya siku tatu. Anaandika vizuri kuliko mimi na anasikilizwa kwenye vikao, nimemwona. Sera yake kubwa ni vyumba vya kusomea usiku. Ukiniuliza kama ni sera nzuri nitakwambia ndiyo, na sitageuza sentensi hiyo kwa "lakini".

Nimewapa wote wawili nakala ya zile sababu nne na milango yake. Yeyote atakayeshinda asianzie sifuri.

Yaliyobaki ya kujua

Wastani wangu ni 3.2, juu kidogo ya kile kinachotakiwa na kanuni. Sapu niliyopata niliandika kwenye fomu mwenyewe kabla kamati haijauliza. Sitagawa fulana, kwanza sina fedha za fulana, na pilau msitegemee. Kampeni yangu imegharimu daftari, kalamu tatu na karatasi za kubandika, jumla 14,500, na risiti ya dukani ninayo.

Nilihitaji wadhamini 50. Nilipopeleka fomu chumbani kwa yule dada wa siku 23, aliisoma mbele na nyuma kabla ya kusaini. Halafu akaandika jina lake polepole, kwa herufi kubwa, katikati kabisa ya mstari, akaniomba nimhakikishie kwamba linasomeka.

Mdahalo wa wagombea ni Alhamisi saa 11 jioni, ukumbi mdogo. Kura ni Jumamosi kuanzia saa 2 asubuhi, na usisahau kitambulisho. Ukiwa na pengo kwenye safu ya alama za darasani, njoo nalo hiyo Alhamisi, usingoje Jumamosi. Daftari nitakuja nalo.